Kuandika ä, ö, ü na ß kwa kibodi ya Kiingereza

*Shikamoo mwalimu. Naandika barua ya kuomba mafunzo ya uuguzi Ujerumani. Kompyuta yangu ina kibodi ya Kiingereza, haina herufi za nukta mbili wala ile inayofanana na B. Nimeandika bila nukta, na pale pengine nimeweka B kubwa. Watanielewa? Na kwenye simu nafanyaje?*

Marahaba. Usiitume hivyo. Nukta zile hubadilisha maana, na barua ya maombi ndiyo inayoumia zaidi. *Ich möchte* ni "ningependa"; ukiondoa nukta inakuwa *ich mochte*, yaani "nilipenda", jambo lililokwisha pita. *Könnte* ni "ningeweza", *konnte* ni "niliweza". Msomaji atakisia ulichokusudia, lakini atakuwa anapima Kijerumani chako huku akikisia.

Zipo njia mbadala zinazokubalika, nazo ni za kudumu: ä huandikwa *ae*, ö *oe*, ü *ue*, na ß *ss*. Kwa hiyo Frau Jäger wa Gartenstraße, Düsseldorf, anakuwa:

```
Frau Jaeger
Gartenstrasse
Duesseldorf
```

Mjerumani husoma hivyo bila kukwama. Hata pasipoti zao hufanya hivyo: jina Müller kwenye mistari ya chini inayosomwa na mashine ni MUELLER. B haimo kabisa katika utaratibu huu, wala β ya Kigiriki. *StraBe* si neno. Ukianza na njia mbadala, endelea nayo barua nzima. Kuchanganya *möchte* na *moechte* kunaonekana kama uzembe.

Ila usigeuze kinyume, kwa kudhani kila *ue* au *oe* ni herufi ya nukta. *Neue* na *aktuell* ndivyo zilivyo, na Goethe hajawahi kuandikwa kwa ö siku hizi. Vivyo hivyo *dass* na *muss* zina *ss* halisi tangu marekebisho ya tahajia ya mwaka 1996, usizitilie ß. Kama hospitali unayoiandikia iko Uswisi, huko ß haitumiki: wanaandika *Grüssen* na *Strasse*, lakini nukta wanazibakiza.

Hata hivyo, kwa barua hii ningependa upate herufi zenyewe, maana ni rahisi. Kwenye simu bonyeza *a*, *o* au *u* bila kuachia. Orodha ndogo itatokea juu ya kidole, telezesha hadi kwenye yenye nukta. ß iko kwenye *s*. Kama huioni, ongeza lugha ya Deutsch kwenye mipangilio ya kibodi.

Kwenye Windows wengi watakuelekeza kushika Alt na kuandika namba: Alt+0228 ni ä, 0246 ö, 0252 ü, 0223 ß. Inafanya kazi, lakini lazima uwe na kile kibodi cha namba cha upande wa kulia na Num Lock iwe imewaka, na sifuri ya mbele usiisahau, la sivyo hupati herufi uliyotaka. Kompyuta mpakato nyingi ndogo hazina kibodi hicho. Badala yake ongeza mpangilio unaoitwa United States-International. Hapo shika Alt ya kulia na ubonyeze q upate ä, p upate ö, y upate ü, s upate ß.

Sasa hapa ndipo sisi tunaoandika Kiswahili tunapokwama. Mpangilio huo huifanya ritifaa isubiri herufi inayofuata, ili ikiwa ni irabu iibebe kama alama juu yake. Ukiandika *ng'ombe* kwa kawaida yako, utaona *ngómbe*. Dawa yake ni kubonyeza nafasi mara moja baada ya ritifaa, kisha uendelee na *o*. Au, kama unaandika Kiswahili kutwa, rudi kwenye kibodi yako ya awali kwa Windows+Space na uutumie ule mwingine kwa Kijerumani tu. Kwenye Mac bonyeza Option+u, achia, kisha andika irabu. ß ni Option+s.

Kuchagua kibodi kamili ya Kijerumani ni sawa pia, ila Y na Z hubadilishana nafasi. Nywila ikikataliwa ghafla, angalia hapo kwanza kabla ya kuibadilisha.

Barua pepe ya mwajiri inakili herufi kwa herufi kutoka kwenye tangazo. Ikiwa yeye ni Jäger lakini anwani ni *jaeger@*, au hata *jager@*, iandike jinsi ilivyo, kwa sababu hapo si tahajia tena bali ni anwani, na mashine haitakisia kwa niaba yako.