Masharti Matatu Nyuma ya Daftari

Swali la wiki: "Nafasi ya kazi inakuvutia, lakini moyoni unajua haikufai. Unaiachaje bila kupoteza muda?"

Mimi ni mtunza stoo, naishi Buhongwa, Mwanza, na nina mtoto wa chekechea. Kabla sijaanza kusoma matangazo nilishaandika masharti yangu nyuma ya daftari: niwe nyumbani kabla ya saa moja na nusu jioni, nisiingie zamu ya usiku, na nipate angalau 650,000 mkononi. Basi. Mwanzoni yalikuwepo mengine, kama bosi asiyefoka na ofisi yenye feni, ila kila moja nililiuliza: wakinilipa mara mbili, nitalegeza? Nikijibu ndiyo, linahamia ukurasa wa pili, kwenye mambo ninayoyapenda tu. Kiwango cha mshahara nilikipata kwa kujumlisha kodi ya nyumba, ada, chakula na nauli.

Sharti lazima liandikwe hivi kwamba karani wa upande wa pili aweze kulijibu kwa simu. "Kazi isiyochosha" haina jibu. "Mtunza stoo anatoka saa ngapi, na mali inahesabiwa muda gani mwisho wa mwezi?" ina jibu.

Kuna kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kilitangaza nafasi ya stoo: 750,000, chakula cha mchana na bima ya afya. Nyumbani wakaanza kunipongeza. Nikachukua kalamu. Hiyo 750,000 ni kabla ya makato. Asilimia 10 ya NSSF ni 75,000, inabaki 675,000. Kodi ya mapato juu ya hiyo ni 51,000. Mkononi ni 624,000.

Hapo bado sikuiacha. Pungufu ya 26,000 inazungumzika, maana mwajiri anayekuhitaji anaweza kuongeza kidogo au kukupa nauli. Nikapiga simu kuulizia muda wa kutoka.

"Inategemea samaki wameingia saa ngapi, dada," akanijibu.

Kwa anayejua viwanda vya samaki, hilo ni jibu kamili. Mzigo ukichelewa kufika kutoka mialoni, unachakatwa usiku huohuo, na maboksi ya kufungashia anayatoa mtunza stoo. Hakuna meneja atakayebadili hilo kwa sababu yangu. Nikamshukuru, nikaichana ile karatasi. Barua ya maombi sikuandika kabisa.

Ndugu watakwambia uombe tu, mengine yatajulikana mbele ya safari. Ukishaitwa kwenye usaili, ukavaa vizuri na kuchekewa na watu, saa moja na nusu inaanza kuonekana kama saa tatu tu. Ndiyo maana daftari siligusi nikiwa na tangazo mkononi. Mwakani mtoto akianza la kwanza atakuwa anarudi na binamu yake, hivyo sharti la saa litalegea. Nitalibadilisha siku ambayo sina nafasi yoyote ninayoitamani.