Atomu ya klorini isiyoisha: gesi ya friji za zamani na tabaka la ozoni

"Friji ya zamani huwa na gesi kama gramu mia moja hivi tu, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Inafikaje huko juu, na kiasi kidogo hivyo kinaharibuje ozoni?"

Nilianza ufundi wa friji wakati R-12 ilikuwa bado gesi ya kawaida ya friji, na jambo lililonishangaza kila nilipofungua mfumo wa zamani ni kwamba gesi ile haichakai. Kompresa huchoka na mabomba huoza kwa kutu, lakini gesi iliyosalia ndani huwa ni ileile iliyojazwa miaka mingi iliyopita. Sifa hiyo ndiyo iliyoifanya ipendwe na mafundi, na ndiyo chanzo cha madhara yake. Ikivuja, haiyeyuki katika matone ya mvua wala haimenyuki na chochote katika hewa ya chini. Kwa uzito wake hutuama sakafuni katika chumba kilichofungwa, na kwa sababu hiyo ni lazima karakana ipitishe hewa, lakini nje upepo na mikondo huichanganya na hewa nyingine mpaka uzito usiwe na maana. Baada ya miaka kadhaa sehemu yake hufika stratosfia, tabaka la hewa la juu lenye ozoni, ambako miale mikali ya urujuanimno, isiyofika huku chini, huikata atomu ya klorini kutoka kwenye molekuli.

Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kinachofuata:

```
Cl + O3 → ClO + O2
ClO + O → Cl + O2
```

Katika hatua ya kwanza klorini hunyang'anya ozoni atomu moja ya oksijeni. Katika hatua ya pili, atomu ya oksijeni iliyo huru, ambayo miale ya jua huizalisha kule juu kwa kupasua molekuli za oksijeni na za ozoni, huichukua ile oksijeni iliyonyang'anywa, na klorini huachwa peke yake kama ilivyokuwa mwanzo. Ozoni imekwisha, klorini haijapungua, na mara moja hukutana na ozoni nyingine. Mzunguko huu ndio mmenyuko wa mnyororo, na klorini ndani yake ni kichocheo.

Sasa tupige hesabu ya friji yenye gramu 121 za R-12, kiasi ambacho ni takriban moli moja, kipimo cha idadi ya molekuli au atomu. Kila molekuli ina atomu mbili za klorini, kwa hiyo tunapata moli mbili za klorini. Makadirio yanayotumika sana husema kwamba atomu moja inaweza kuharibu hadi molekuli 100,000 za ozoni kabla ya kuondoka stratosfia. Moli moja ya ozoni ina gramu 48; ukizidisha 2 kwa 100,000 kwa 48 unapata gramu 9,600,000, yaani tani 9.6. Hicho ni kiwango cha juu, lakini kinaonyesha kwa nini wingi wa gesi pekee haukupi picha kamili.

Mnyororo huo hukatika klorini inapokutana na methani ikawa HCl, au ClO inapokutana na NO2 ikawa ClONO2. Katika hali hizo mbili klorini imefungwa na haiwezi kuigusa ozoni, ingawa kufungwa huko si kwa kudumu. Mahali ambapo hufunguliwa kwa wingi ni juu ya Antaktika. Wakati wa giza la majira ya baridi, joto la stratosfia hushuka chini ya nyuzi -78 za Selsiasi na mawingu hutokea. Juu ya chembe za mawingu hayo HCl na ClONO2 humenyuka na kutoa Cl2, ambayo hubaki ikisubiri. Jua linaporejea mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mwanga huigawa Cl2 kuwa atomu mbili, na ozoni huanza kuangamizwa kwa wiki kadhaa mfululizo. Ndiyo maana shimo la ozoni ambalo wanasayansi Farman, Gardiner na Shanklin waliliripoti mwaka 1985 lilionekana katika majira hayo.

Gesi ya R-134a haina klorini, hivyo haiwezi kuanzisha mnyororo huu, ingawa huongeza joto la dunia. R-22 inayo klorini, lakini ina pia hidrojeni inayoiwezesha kuvunjwa kwa wingi katika hewa ya chini kabla ya kufika juu. R-12 inaweza kudumu hewani kwa takriban miaka 100, kwa hiyo iliyovuja zamani bado ipo.

Kwa hiyo soma kwanza kibao kilicho nyuma ya friji. Kikisema R-12, nyonya gesi kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi kabla ya kukata bomba lolote. Usisahau pia sponji ya kuzuia joto iliyo ndani ya kuta: katika friji nyingi za wakati huo ilipulizwa kwa R-11, ambayo nayo ina klorini, na mara nyingi gesi iliyomo humo ni nyingi kuliko ile ya kwenye mabomba. Fundi anayenyonya mabomba kisha akaipondaponda sponji hiyo amezuia sehemu ndogo tu ya klorini.