Avoka ya grefe inalaza majani: mesaje ya kumuandikia muuzaji wa miche

"Nilinunua muche wa avoka ya grefe, majani imeanza kulala. Nilimutumia muuzaji foto kwa WhatsApp akanijibu tu 'ongeza maji'. Nyinyi mnaandikaka nini ili mutu akupe jibu la kweli?"

Ndugu yangu, mimi njo najibiaka mesaje za wateja mu pepinieri ya baba mudogo hapa Bukavu, foto za majani naziona kila siku hadi nachoka, na foto ya jani moja lenye kulala haisemi kitu. Avoka inalaza majani ikiwa na kiu, na inalaza majani vile vile mizizi yake ikizama mu maji. Kwa foto huwezi kutofautisha. Muuzaji akikosa habari ingine anashika jibu la rahisi, mwagilia, na kama mizizi ilikuwa inaoza basi hayo maji njo yanaimaliza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuandika si jani, ni udongo. Na usiandike "namwagilia vizuri", kila mutu anaandika hivyo. Ingiza kidole chote mu udongo karibu na shina, asubuhi mbele ya kumwagilia, kisha andika ulichokuta: kimetoka kikavu, kimetoka na ubaridi tu, ao kimetoka na matope. Nusa pia, udongo wenye kukosa hewa unanuka kama mufereji. Jani likilala na kidole kikitoka kikavu, ni kiu, mwagilia mambo imeisha. Jani likilala na kidole kikitoka na matope, shida iko chini, na hapo muuzaji anaanza kufikiri.

Nikuonyeshe mesaje moja ya mama mumoja wa Bagira, naibandika hapa kwa ruhusa yake juu iko muzuri kuliko zote nilipokea musimu uliopita:

"Jambo Papa. Ni mimi nilichukua kwenu avoka ya grefe mwezi wa tisa, ilikuwa inanifikia kwa goti. Niliipanda mwezi wa kumi, Bagira, udongo mwekundu wenye kushikana, shimo la sentimita 60 nikajaza udongo mweusi na mbolea ya ng'ombe iliyokwisha kuoza. Sasa ni wiki sita. Majani yote imelala tangu siku kama kumi, hata asubuhi haisimami. Ile mapya imetoka midogo na rangi ya njano-njano yote, mishipa pia. Ncha haijaungua, hakuna madoa, chini ya jani sioni mududu. Mvula inanyesha karibu kila siku na mimi niliendelea kumwagilia kopo moja jioni. Kidole kinatoka na matope, kunanuka kidogo. Kamba ya grefe niliitoa. Sijaweka dawa yoyote. Nakutumia foto ine."

Na foto zenyewe: ya kwanza muche wote na mahali inasimama, ya pili jani moja la zamani na moja jipya juu ya mukono wake, ya tatu pale shina linaingia mu udongo pamoja na kovu ya grefe, ya ine mizizi midogo aliyochimbua pembeni kwa kidole. Alipiga muchana mu kivuli, bila flashi. Hiyo iko na maana, mutu akipiga usiku chini ya ampule ya njano kila jani linaonekana gonjwa na mimi siwezi kujua kama ile unjano ni ya jani ao ya taa.

Sasa ona kile baba mudogo alisoma mule. "Hata asubuhi haisimami": muche wenye joto ao kiu kidogo unalala saa saba ya jua na asubuhi umesimama tena, huu hausimami. "Ncha haijaungua": mbolea ikizidi ao ikiwa mbichi, jani la zamani linaungua kwa ncha na pembeni, kwa hiyo mbolea yeye akaiacha. Majani mapya ikiwa njano lakini mishipa ikabakia kijani, angefikiria upungufu wa chuma, hapa mishipa pia imepauka. Kamba imetolewa, basi shina halijanyongwa. Kinabakia kitu kimoja kikubwa, shimo. Udongo mwekundu wa kushikana, katikati umechimba na kujaza udongo mwororo, mvula inaingia kwa haraka na kutoka haiwezi, umefanya beseni. Angekuwa Goma mu mawe ya volkano, maji inapita mbio kati ya mawe, baba mudogo angeanza kwa kuulizia kiu. Njo maana lazima uandike uko wapi na udongo wa namna gani, muuzaji wa Bukavu anauzisha pia kwa watu wa ng'ambo ya ziwa.

Foto ya ine njo ilimaliza mabishano (tulikuwa tunabishana, mimi nilisema ni mbolea). Muzizi mudogo wa avoka wenye afya uko mweupe kwa ncha, unapinda bila kuvunjika. Yake ilikuwa myeusi na inavunjika kama kijiti. Ile ni kuoza. Kunaweza kuwa ni kukosa hewa tu, kunaweza kuwa ni kile kimelea cha udongo wataalamu wanakiitaka Phytophthora, kinachopenda udongo wenye maji, na hapo hakuna foto ya telefone itakuambia ni kipi. Lakini kazi ya kwanza ni ile ile.

Baba mudogo alimujibu mama hivi: acha kumwagilia kabisa, chimba mufereji wa kutoa maji kutoka shimo upande wa mteremuko, kisha siku isiyo na mvula inua muche na donge lake la udongo, fanya kilima cha kama sentimita 40 na uupande juu yake, shina lisifunikwe kuliko vile lilikuwa mu sashe, na kovu ya grefe ibakie juu ya udongo. Jembe ulisafishe mbele ya kwenda kwa avoka ingine, na ule udongo wa mule shimo usiupeleke kwa muti mwengine. Mbolea hapana kwanza, mizizi yenye kuoza haiwezi kuila.

Majani ya zamani ilianguka karibu yote, mama akafikiri imekufa akataka kuing'oa. Tukamuambia akwangue ganda kidogo kwa ukucha: chini ya ganda kijani, iko hai, kahawia na kavu, imeisha. Ilikuwa kijani. Kisha akatuma foto ya machipukizi, na hapo muulize muuzaji swali la mwisho hata kama yeye hakuulizi: chipukizi limetoka juu ya kovu ya grefe ao chini? La juu ni ile avoka ulilipia. La chini ni ya pori iliyobebeshwa, uivunje kwa kidole ingali changa, juu ukiiacha inakula nguvu yote na siku moja utavuna avoka usiyoijua. Yake mbili zilikuwa juu, moja chini.

Ya kwako sasa, ingiza kidole kesho asubuhi, piga zile foto ine, andika mwezi ulinunua na udongo wako. Ukiona anakujibu tena "ongeza maji" na wewe ulimuandikia matope, tafuta pepinieri ingine.