Kiitikio, shairi, halafu wapi? Kusoma D.S. na koda bila kupotea

Msomaji mmoja anayeimba sauti ya tena katika kwaya ya parokia ameniandikia kwamba wimbo wao mpya unavunjika kila wanapomaliza shairi. Soprano wanarudi kwenye kiitikio, besi wanasubiri utangulizi wa kinanda, na mpiga kinanda mwenyewe yuko ukurasa wa mwisho. Anauliza kama tatizo ni masikio. Masikio yao ni mazima. Kila kundi limesoma njia yake, na ukinieleza nani amekwenda wapi nitakuonyesha alama aliyoikosea.

Tuchukue wimbo wa mfano wenye baa 36 kwenye karatasi. Baa 1 hadi 4 ni utangulizi wa kinanda. Kiitikio kinaanza baa ya 5, na hapo pana alama mbili: juu kuna senyo, ile S iliyokatwa na mstari wa mshazari na kuwekewa nukta mbili, na kwenye nota zenyewe kuna mistari miwili ya wima yenye nukta mbili upande wa kulia. Baa 11 na 12 zimefunikwa na mabano yenye namba 1, na baa ya 12 inafungwa na mistari yenye nukta upande wa kushoto. Baa 13 na 14 zina mabano ya namba 2, na mwisho wa baa ya 14 kuna alama ya koda, duara lenye msalaba. Shairi ni baa 15 hadi 30, na chini ya baa ya 30 pameandikwa “D.S. al Coda”. Koda yenyewe, yaani kipande cha kumalizia wimbo, ni baa 31 hadi 36.

Anza na nukta. Nukta za marudio hutazama kile kinachorudiwa. Zikiwa kushoto mwa mistari, zinakuambia urudi nyuma. Zikiwa kulia, zinakuambia hapa ndipo utakaporudia. Kwa hiyo kutoka baa ya 12 tunarudi baa ya 5, si baa ya 1. Nakala ya fotokopi ikifuta zile nukta za baa ya 5, mwimbaji hana kosa akirudi mwanzo kabisa wa wimbo, kwa sababu kanuni inasema hivyo: pasipo na alama ya kuanzia, marudio yanaanzia mwanzo. Wanaotumia solfa wawe waangalifu zaidi, maana nukta mbili katika solfa tayari hutenganisha mapigo, na alama ya marudio iliyoandikwa kwa mkono inamezwa kirahisi. Iandike upya kwa penseli, kubwa.

Mara ya pili tunaimba baa 5 hadi 10, kisha tunaruka baa 11 na 12 zote na kutua baa ya 13. Mabano ya kwanza hayaguswi tena, hata neno moja. Ukitaka kujua kama kuna aliyebaki kwenye mabano ya kwanza, sikiliza koodi. Mara nyingi mtunzi huacha mabano ya kwanza yakining'inia kwenye koodi ya so ili yarudishe wimbo nyuma, na mabano ya pili huyatuliza kwenye do. Soprano wakishika do huku waimbaji wa tena wakiimba ti, usianze kuwalaumu hao wa tena kwamba hawajui sauti yao. Wanaijua, wako baa nyingine.

Alama ya koda mwisho wa baa ya 14 tunaipita kana kwamba haipo, kwa sababu hatujatumwa bado. Alama hiyo inalala mpaka D.S. iiamshe, na neno “Fine”, yaani mwisho, katika nyimbo zisizo na koda hulala vilevile mpaka D.C., ile inayorudisha mwanzo wa wimbo, au D.S. isomwe. Tunaimba shairi mpaka baa ya 30. Hapo D.S. inatupeleka kwenye senyo, yaani baa ya 5, na maneno “al Coda” yanatuambia kwamba safari hii tukiikuta alama ya koda, turuke.

Sasa tuwarudie wale wa parokia. Besi waliosubiri utangulizi wameisoma D.S. kama D.C. Da kapo ni mwanzo wa wimbo. Dal senyo ni penye senyo. Herufi moja, na katika wimbo wetu tofauti yake ni baa 4 za kinanda. Mpiga kinanda amefanya jambo la kawaida zaidi: koda imechapwa mara tu baada ya baa ya 30, naye ameendelea mbele kama msomaji wa gazeti. Mchapaji mzuri huacha nafasi nyeupe kabla ya koda ili kuzuia hilo. Kama nafasi haipo, piga mistari miwili minene kwa penseli mwishoni mwa baa ya 30.

Soprano wako sahihi, ila mtihani wao unakuja. Je, baada ya D.S. kiitikio kinaimbwa mara mbili tena? Kwa desturi, hapana. Baada ya D.C. au D.S. marudio hayafuatwi tena, na unaingia moja kwa moja kwenye mabano ya mwisho, isipokuwa mtunzi ameandika kwamba yarudiwe. Kwa hiyo tunaimba 5 hadi 10, 13 na 14, kisha tunarukia baa ya 31. Programu ya MuseScore pia hufuata desturi hii mpaka umewasha “Play repeats” kwenye alama ya kuruka. Lakini wapo walimu wa kwaya wanaopenda kurudia, na hilo ni haki yao mradi walitamke siku ya kwanza ya mazoezi.

Njia nzima basi inaandikwa juu ya ukurasa wa kwanza hivi: 1–4, 5–12, 5–10, 13–14, 15–30, 5–10, 13–14, 31–36. Hesabu: baa 36 za karatasi zimekuwa baa 50 za kuimba. Mwalimu akirudia kiitikio baada ya D.S. zinakuwa 58. Kila sauti ihesabu peke yake kabla ya kuimba. Anayepata 54 amerudi utangulizi, na anayepata 42 hakurudi popote baada ya shairi. Hii ni kazi ya dakika chache, na kwaya inayoikwepa itailipia kwa saa nzima ya kubishana.

Shairi likiwa na beti tatu chini ya nota zilezile, mfano wetu unahitaji neno moja zaidi. D.S. itasomwa mara tatu, lakini koda inarukiwa mara ya tatu tu. Baada ya beti ya kwanza na ya pili, mwisho wa baa ya 14 unaingia tena baa ya 15. Watunzi wengi hawaandiki hilo, wanategemea mwalimu. Andika mwenyewe “mara ya 3” kando ya duara la koda.

Jambo la mwisho ni kuchungulia pigo la kuingilia. Kiitikio kikianza na pigo moja kabla ya baa ya 5, katika 4/4, basi pigo hilo limekatwa kutoka baa ya 4, na senyo inapaswa kukaa juu ya pigo hilo, si juu ya baa ya 5. Baa ya 12 na ya 30 nazo zitakuwa na mapigo 3 kabla ya kurudi. Ukikuta baa ya 30 ina mapigo 4 kamili na senyo iko kwenye pigo la kuingilia, kuna pigo moja la ziada, na kila mkirudi miguu ya kwaya itapishana na kinanda. Mpigie mtunzi simu kabla ya Jumapili.