Kodi ya duka kupandishwa kwa ujumbe wa simu

“Nina duka Nakuru, mkataba wa miaka miwili. Landilodi ametuma ujumbe: mwezi ujao kodi ni 35,000 badala ya 25,000, na nichangie paa linalovuja. Nifanye nini?”

Dada, mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5 kwa kawaida unalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Ujumbe wa simu hautoshi: anatakiwa kukupa notisi kwa fomu rasmi, miezi miwili kabla.

Ikifika, usinyamaze. Mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kwamba hukubali, kisha peleka shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara (BPRT) kabla ya tarehe ya kupanda. Ukikaa kimya, 35,000 inaanza. Wakati huo lipa 25,000 zako kwa wakati na utunze risiti, kwani deni la miezi miwili linampa sababu ya kukutoa.

Paa nalo: ukipanga sehemu tu ya jengo, Sheria ya Ardhi ya 2012 humwachia mwenye jengo paa, kuta za nje na korido, isipokuwa mkataba useme vingine. Soma hasa kifungu cha ada ya huduma, huko ndiko matengenezo hufichwa. Kikiwa na utata, muone wakili kabla ya kujibu.