Barua ya klabu ya sataranji: mzazi anataka kujua saa na pesa

Dada mmoja wa Morogoro, katibu wa klabu changa ya sataranji kama nilivyo mimi hapa Tanga, amenitumia barua aliyowapelekea wazazi, na chini yake ameuliza: mbona nimegawa barua shule nzima na watoto wamekuja wanne tu?

Nimeisoma barua yake mara mbili. Aya tatu za mwanzo zinaeleza namna sataranji inavyonoa akili. Aya ya nne inasema watoto watakutana "kila wiki mchana" na kwamba ada ni "nafuu". Dada yangu, hapo ndipo wazazi walipokuacha. Mzazi akikuta neno nafuu hapigi simu kuuliza ni shilingi ngapi, maana akiuliza halafu akashindwa, atakuwa ameshajianika. Ataikunja barua aweke juu ya kabati, na mtoto ataambiwa subiri mwakani.

Barua yetu huijaza klabu ndani ya wiki moja, na ninalisema hili kwa fahari kwa sababu nimelitolea jasho. Siri yake ni kwamba huwa siandiki hata mstari mmoja kabla sijapiga hesabu mbili: ya muda na ya fedha. Zikishakaa sawa, barua inajiandika.

Nianze na siku. Jumamosi ndiyo inayomjia kila mtu kichwani, lakini mjini kwetu asubuhi yake ina madrasa na masomo ya ziada, na Wasabato wako kanisani. Jumapili asubuhi Wakristo wengine wako ibadani. Kilichobaki ni Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa 7:30 hadi saa 9:30. Kuna miezi adhana ya Alasiri hutangulia saa yetu ya kumaliza, kwa hiyo tumekubaliana kwamba ikilia, michezo inasimama na wanaoswali wanaenda msikiti wa jirani pamoja na mtu mzima. Hili liandikwe ndani ya barua. Sisi wa pwani wengi ni Mashafi, na mzee yeyote aliyesoma anajua kwamba wanazuoni wa madhehebu hayo wameijadili sataranji tangu zamani, wakaihesabu makuruhu, na ikiingia kamari au ikamsahaulisha mtu swala, hapo inakuwa haramu. Baba mwenye shaka hiyo hatakuja kukuuliza. Atamzuia mtoto kimya kimya. Mjibu kabla hajauliza.

Saa mbili zenyewe tunazigawa hivi: nusu saa ya kwanza ni somo kwenye ubao mkubwa wa ukutani, kisha michezo miwili, kila mmoja nusu saa, na muda unaobaki ni wa kupanga wachezaji, kuangalia mchezo mmoja kwa pamoja, na kuhesabu kete zirudi 32 katika kila mfuko. Mtoto akifika saa 8:10 amekosa somo na wenzake wameshapangwa wawili wawili. Mzazi akilielewa hilo hamwachilii mtoto atoke nyumbani saa nane.

Sasa fedha. Tuna mbao kumi, basi nafasi ni ishirini, na ishirini ndio mwisho wa macho ya mwalimu mmoja. Msimu wetu una Jumapili kumi. Chumba cha darasa tunakodi kwa Sh 15,000 kila Jumapili, yaani 150,000. Mwalimu anapata nauli na posho Sh 25,000, yaani 250,000. Tunaweka 60,000 ya kununua kete na mbao mpya, kwa sababu farasi hupotea na mbao za kukunjwa huchanika kwenye mikunjo. Maji, kuchapa barua na vocha vinakula 40,000. Jumla ni Sh 500,000.

Ukigawanya kwa ishirini unapata 25,000, na hapo ndipo klabu nyingi hufia. Hujawahi kuona watoto ishirini wakalipiwa wote. Ukipanga 25,000 na watatu wakashindwa, pengo ni 75,000, yaani posho ya mwalimu ya Jumapili tatu, na mwalimu asiyelipwa Jumapili tatu hatarudi ya nne. Mimi nagawanya kwa kumi na saba. Inakuja 29,000 na kitu, tunaweka 30,000. Kumi na saba wakilipa tunapata 510,000, gharama zote zimetimia, na nafasi tatu zinabaki kwa watoto ambao nyumbani kwao hakuna. Mzazi anayelipa anajua kwamba ndani ya ada yake kuna sehemu ya mtoto wa mwenzake, kwa kuwa tumemwambia waziwazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika kwa hilo.

Aliyelalamika alilalamika kwa jingine, na bado linaniuma. Baba mmoja aliandika kwenye kundi la wazazi, saa tano usiku, kwamba hela za watoto zinaliwa. Hakunipigia simu wala hakuuliza kwa mweka hazina, ambaye ana daftari lenye kila risiti. Asubuhi nilikuta watu wameshachangia maoni, na wengine niliokunywa nao chai walikaa kimya. Nilibeba daftari nikaenda nalo hadi dukani kwake, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akasema sawa. Kwenye kundi hakurudi kusema sawa. Tangu hapo mchanganuo wa gharama unakaa ndani ya barua yenyewe, na nakusihi, dada, nawe ufanye hivyo. Mkishika fedha za watoto wa watu, onyesheni hesabu kabla ya kuombwa. Aliyesoma kwamba chumba ni 15,000 na mwalimu ni 25,000 hana pa kuanzia uvumi.

Barua yetu ya msimu huu hii hapa. Ichukue, badilisha saa na bei za kwenu.

Mpendwa mzazi au mlezi,

YAH: KUMWALIKA MWANAO KATIKA KLABU YA SATARANJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Klabu inawakaribisha watoto wa miaka 7 hadi 13, wavulana kwa wasichana, kujifunza na kucheza sataranji (chesi). Si lazima mtoto awe anajua kucheza, na hahitaji kununua chochote.

Tutakutana kila Jumapili, saa 7:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, kwa Jumapili kumi mfululizo, katika chumba cha darasa la tatu. Mlango unafunguliwa saa 7:15. Somo linaanza saa 7:30 kamili. Tunaomba mtoto achukuliwe kabla ya saa 9:45, na mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye fomu.

Ada ya msimu mzima ni Sh 30,000, sawa na Sh 3,000 kwa kila Jumapili. Unaweza kulipa mara mbili: Sh 15,000 kabla ya Jumapili ya kwanza na Sh 15,000 kabla ya Jumapili ya tano. Malipo yote yanapokelewa na mweka hazina na utapewa risiti. Fedha hizo zinalipia chumba (150,000), mwalimu (250,000), kete na mbao (60,000), maji, uchapaji na mawasiliano (40,000). Zipo nafasi tatu zisizo na ada. Anayehitaji azungumze na katibu peke yake, na jambo hilo litabaki kwa katibu na mweka hazina.

Watu wazima wawili watakuwa na watoto muda wote, na mzazi anayependa kukaa na kutazama anakaribishwa. Hakuna kuchezea fedha wala kitu chochote cha thamani. Adhana ya Alasiri ikilia, michezo inasimama.

Mtoto akiwa hatakuja, tafadhali tujulishe kabla ya Jumamosi jioni, kwa sababu kila mtoto amepangiwa mwenzake wa kucheza naye.

Nafasi ni 20. Tafadhali jaza fomu iliyo chini, uikate na uirudishe kabla ya Ijumaa.

Wako katika malezi,
Katibu wa Klabu

Barua inaishia hapo, upande mmoja wa karatasi. Utaona haina sifa za sataranji, na sikuzisahau. Mtoto akishacheza Jumapili mbili atazisema mwenyewe mezani, na mama yake atamwamini yeye kuliko mimi.

Ule mstari wa kutoa taarifa Jumamosi watu huuona mdogo, kumbe ndio unaoshikilia ratiba nzima. Watoto wakiwa kumi na tisa, mmoja hana mpinzani. Mwalimu akikaa kucheza naye, mbao nyingine tisa hazina wa kuziangalia, na hapo ndipo mtoto mdogo anapotandikwa mat kwa hatua nne na mkubwa anayejua malkia na tembo wanavyoshambulia kwa pamoja ile kete iliyo mbele ya tembo aliye jirani na mfalme. Anafungwa hivyo mara tatu bila mtu kumwonyesha namna ya kukinga, Jumapili inayofuata anaumwa tumbo. Ukipata taarifa mapema unamweka mtu mzima wa pili acheze, au unawapanga watatu kwa zamu, mmoja akiwa mwamuzi.

Kuhusu ndugu wawili wa nyumba moja, dada yangu aliuliza kama awapunguzie. Mimi siwapunguzii. Kila shilingi unayoipunguza kwa mmoja inatoka kwenye zile nafasi tatu, na familia yenye uwezo wa kuleta wawili mara nyingi ina uwezo kuliko ile isiyoweza hata mmoja. Ninachowapa ni kulipa kwa awamu nne badala ya mbili. Ikiwa kweli hawawezi, wanakuja kwangu kama wengine, na ninawasikiliza.

Fomu ya chini iwe na vitu vitano tu: jina la mtoto, umri, simu ya mzazi, jina la atakayemchukua, na kama mtoto anajua kete zinavyotembea au hajui. Hicho cha tano kinamsaidia mwalimu kupanga mbao kabla ya siku ya kwanza, wanaojua upande mmoja, wanaoanza upande mwingine.

Na siku ya kuigawa barua uiangalie. Januari mzazi ana sare, madaftari na michango ya shule, hata barua nzuri itakataliwa. Mimi hugawa mwishoni mwa Februari, mishahara ikiwa imetoka, ili tuanze Machi. Ramadhani ikiangukia humo, wakati wa mfungo tunabaki na saa moja ya mchezo bila somo, na zile saa tulizopunguza tunazifidia baada ya Idi, jambo ambalo kwa mwaka kama huo linaongezewa sentensi yake chini ya ratiba.