Ukikosa dozi ya pili ya sodiamu oksibeti, dawa ya usiku ya ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana

"Nililala moja kwa moja, nikaamka saa kumi na moja alfajiri. Ninywe dozi ya pili?"

Pole ndugu. Hapana, iache; usiku unaofuata anza upya, na usinywe mbili kwa pamoja. Dozi ya pili huja saa mbili na nusu hadi nne baada ya ya kwanza. Mimi hunywa ya kwanza saa nne usiku, nimeketi kitandani, kikombe cha pili kikiwa tayari kimechanganywa na maji, kengele nikiitega saa saba. Ukiinywa alfajiri, hutakiwi kuendesha gari kwa saa sita.

Dawa hii hufungiwa kabatini kwa sababu ndiyo GHB, dawa ya kulevya inayotiliwa watu kwenye vinywaji. Ikikutana na pombe, pumzi inaweza kukatika.